Supamaketi jirani inauza unga chini ya bei ninayonunulia. Nimejaribu ofa yangu, nisaidieni kusoma hesabu

DukaLaMwiki ameandika:

Habari za jioni wadau. Nina duka la kujihudumia huku Mwiki, Kasarani, lenye rafu sita na keshia mmoja. Mwaka jana supamaketi kubwa ilifunguliwa hatua chache kutoka kwangu. Kila mwisho wa mwezi wanaweka unga wa mahindi wa kilo 2 kwa shilingi 119. Mimi nauchukua kwa jumla kwa 130 paketi, bandali la paketi 12 likiwa 1,560, kisha nauza 140. Kwa hiyo wao wanauza rejareja chini ya bei yangu ya kununulia, tena unga wa jina lile lile.

Jumamosi iliyopita niliamua nami nijaribu. Niliweka unga 120, mwisho paketi mbili kwa kila mteja, nikabandika karatasi mlangoni. Watu walijaa. Duka halijawahi kuwa na foleni namna ile. Lakini usiku nilipokaa na daftari sikuweza kusema kama nilipata au nilipoteza. Mke wangu anasema tulipoteza, keshia anasema tulipata.

Naomba mwenye kuelewa biashara hii anieleze mambo mawili. Wao wanawezaje? Na mimi wa rafu sita naweza kufanya hivyo bila kufunga?

---

Wuod_Kayole:

Bosi, hakuna hasara pale. Wananunua lori zima moja kwa moja kwa msagaji, wewe unanunua bandali kumi kwa mtu wa jumla ambaye naye anakula chake katikati. Ukiona 119 jua wao walipewa kwa 108 au 110. Hiyo ni faida ya wingi tu. Tafuta wenye maduka wenzako watano muungane mnunue lori, nanyi mtauza 119.

---

MamaChapatiRoysambu:

Mimi sina supamaketi, nina kibanda cha chakula, lakini jambo hili nalifanya kila asubuhi. Chai yangu kikombe ni shilingi 10, na kwa bei ya maziwa ya siku hizi kumi haitoshi hata kulipa maziwa na makaa. Vijana wa boda wananiuliza mbona sipandishi. Sipandishi kwa sababu hakuna anayekunywa chai tupu. Atachukua chapati mbili za 20, au ndengu, na mayai. Faida iko kwenye chapati. Jirani yangu alipandisha chai hadi 20, wateja wake wakahamia kwangu pamoja na chapati zao.

Kwa hiyo ndugu wa Mwiki, usiogope. Uza unga kwa hasara, watanunua vingine.

---

MzeeWaStoo:

Ofa ya namna hiyo kwa kawaida ni mali inayokaribia kuisha muda. Kagua tarehe kwenye hiyo paketi ya 119. Nimeona maziwa ya unga na juisi zikiuzwa hivyo mara nyingi. Usishindane na mtu anayemaliza stoo, subiri tu ataisha.

---

DukaLaMwiki:

Mzee shikamoo. Nilinunua paketi moja nikakagua, ina miezi zaidi ya mitatu mbele. Na wanairudia kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo si kumaliza stoo.

---

RafuNne:

Nimekaa miaka kadhaa katika ofisi ya ununuzi ya supamaketi moja hapa Nairobi, upande wa vyakula vikavu. Sasa nafanya kazi nyingine, kwa hiyo naweza kueleza bila kumtaja mtu.

Kwanza kwa Wuod_Kayole. Umesema nusu. Wingi unapunguza bei, ni kweli, lakini unga hauna nafasi kubwa ya kupunguzwa, maana gharama yake karibu yote ni mahindi yenyewe. Msagaji hawezi kumpa mnunuzi mkubwa punguzo la shilingi 20 kwa paketi mwaka mzima akabaki hai. Hata wenye maduka watano wakileta lori watakuwa wamepunguza shilingi chache tu, kisha wawe na stoo, ulinzi, panya na pesa zilizolala.

Ukiona unga kwa 119 kuna njia mbili, na kwa macho zinafanana.

Njia ya kwanza: msagaji ndiye anayelipa. Tuseme supamaketi inachukua unga kwa 126. Mwisho wa mwezi wanakubaliana kwamba kila paketi itakayouzwa katika siku za ofa, msagaji atafidia shilingi 12 kwa kukatwa kwenye deni analodai. Juu ya hapo kuna asilimia fulani inayorudishwa mwisho wa robo mwaka manunuzi yakifika kiwango walichopatana, na pengine msagaji anamlipa kijana wa kupanga rafu. Ukifungua vitabu, ule unga wa 119 una faida ya shilingi chache. Mteja anaona hasara, lakini kama kuna anayeumia ni msagaji, naye amekubali kwa sababu anataka paketi zake ziwe jikoni Kasarani badala ya za mshindani.

Njia ya pili ndiyo chambo halisi. Hakuna anayefidia. Supamaketi imeamua yenyewe kupoteza shilingi saba kwa paketi ili mtu aingie. Hapo tulikuwa tunachagua bidhaa chache sana, na hatukuchagua kwa kubahatisha. Iwe kitu ambacho kila mama anajua bei yake bila kufikiri: unga, sukari, mkate, maziwa, mafuta ya kupikia. Ukishusha bei ya mdalasini hakuna atakayeng'amua, maana hakuna anayekumbuka mdalasini ulikuwa shilingi ngapi. Ukishusha unga kwa shilingi kumi mtaa wote unajua kabla ya saa sita. Na zaidi ya hapo, mtu akiona unga ni rahisi anaamini duka zima ni rahisi. Hataangalia kwamba sabuni ya vyombo, viungo, sufuria, taulo na kuku wa kukaanga vina faida mara tatu au nne ya unga.

Sasa tazama unga umewekwa wapi pale kwa jirani yako. Nina hakika hauko mlangoni.

---

DukaLaMwiki:

Uko nyuma kabisa, ukutani, karibu na nyama. Ukiingia unapita mikate, kisha vyombo vya nyumbani, kisha sabuni.

Mimi niliuweka mlangoni, karibu na keshia, ili watu wauone.

---

NikoTexas:

Huku Amerika kuna Costco, kuku mzima wa kuoka ni dola 4.99 tangu 2009 na hawapandishi hata vitu vingine vikipanda. Wamefika hatua ya kujenga kiwanda chao cha kuku kule Nebraska mwaka 2019 ili waendelee na bei hiyo. Na kuku yuko nyuma kabisa ya jengo, unatembea duka zima kumfikia. Kwa hiyo inawezekana kuuza kwa hasara miaka na miaka ndugu yangu, usiwe na hofu.

---

RafuNne:

Mfano ni wa kweli lakini usimdanganye ndugu wa Mwiki. Costco mtu halipii bidhaa tu, analipa ada ya uanachama kila mwaka kabla hajagusa kuku, na ada hiyo ni sehemu kubwa ya faida yao. Kule kuku anamfanya mtu asiache uanachama. Duka la Mwiki halina ada ya mlangoni. Lazima hasara ya unga irudi kwenye kikapu, na irudi haraka.

DukaLaMwiki, tuletee namba. Siku ya kawaida ya Jumamosi unauza paketi ngapi za unga? Siku ya ofa uliuza ngapi? Risiti zenye unga zilikuwa ngapi, na kati ya hizo ngapi zilikuwa na unga peke yake?

---

DukaLaMwiki:

Mashine ya keshia inatoa orodha, nimekaa nayo leo.

Jumamosi ya kawaida: paketi 40, kwenye risiti kama 36.
Jumamosi ya ofa: paketi 150, kwenye risiti 110.
Kati ya hizo 110, risiti 36 zilikuwa unga tu, hakuna kingine.
Zilizobaki 74 zilikuwa na vitu vingine, wastani wa shilingi 420 ukiondoa unga. Kwa bidhaa zangu zote ukichanganya faida ni kama asilimia 12.

Nikipiga 74 mara 420 napata karibu 31,000, faida yake 3,700 hivi. Hasara ya unga ni shilingi 10 mara 150, yaani 1,500. Kwa hiyo keshia wangu alikuwa sahihi, nimepata zaidi ya 2,000?

---

RafuNne:

Subiri kidogo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata maofisa wa supamaketi wenye digrii, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Swali si unga ulileta vikapu vingapi. Swali ni vikapu vingapi visingekuja kama usingeshusha bei. Jumamosi ya kawaida una wateja 36 wa unga. Hao wangekuja tu, wangelipa 140, na wangenunua sukari yao na majani yao kama kawaida. Huwezi kuwahesabu kama zawadi ya ofa. Umewapa punguzo la shilingi 20 ambalo hawakuliomba.

Kwa hiyo anza na hasara iliyo kamili. Siku ya kawaida unga ungekupa faida ya 40 mara 10, ambayo ni 400. Siku ya ofa umekutoa 1,500. Tofauti ni 1,900, na hiyo ndiyo gharama ya kweli ya ofa yako.

Sasa upande wa mapato. Risiti 110, ondoa 36 za siku zote, zinabaki 74 ambazo ni nyongeza. Ni kwa bahati tu kwamba namba hiyo inalingana na risiti zako 74 zenye vitu vingine, usizichanganye. Wateja wako wa siku zote huwa wananunua na vitu vingine, kwa hiyo tuchukulie kwamba wale 36 wa unga tu ni wageni waliokuja kuchota na kuondoka. Hivyo wageni walionunua kitu kingine ni 74 kutoa 36, yaani 38. Wao 38 mara 420 ni 15,960, faida ya asilimia 12 ni kama 1,915.

Umepoteza 1,900, umepata 1,915. Mkeo na keshia wamekutana katikati.

---

MhasibuMtaani:

Naomba niingie hapo kabla hajafurahi. Ndugu, unalipa kodi gani KRA? Ile ya faida au ile ya mauzo?

---

DukaLaMwiki:

Ya mauzo. Mzunguko wangu ni kama milioni 16 kwa mwaka.

---

MhasibuMtaani:

Basi hesabu ya RafuNne ina shimo, na si kosa lake, supamaketi hazilipi kodi hiyo. Kodi ya mauzo kwa mwenye biashara ya kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka ni asilimia 3 tangu sheria ya fedha ya 2023. Inakatwa kwenye mauzo ghafi. KRA haiulizi kama uliuza kwa faida au kwa hasara.

Unga wako wa ofa ni 150 mara 120, yaani 18,000. Siku ya kawaida ungekuwa 40 mara 140, yaani 5,600. Umeongeza mauzo ya 12,400 yasiyo na faida hata senti, na unadaiwa 372 juu yake. Vile vikapu vya wageni 15,960 navyo vinadaiwa 479. Jumla 851. Ile faida yako ya shilingi 15 imegeuka kuwa hasara ya 836.

Kwa mtu anayelipa kodi ya mauzo, kila shilingi anayouza bila faida inamtoza. Mkubwa anayelipa kodi kwenye faida akipoteza kwenye unga, angalau hasara hiyo inapunguza faida inayotozwa. Wewe huna nafuu hiyo. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wenye maduka madogo wasiige ofa za wakubwa bila kukaa na kalamu.

---

RafuNne:

Asante mhasibu, hilo sikuliweka. Niongeze na la wiki iliyofuata. DukaLaMwiki, Jumatatu hadi Jumatano unga ulitembea vipi?

---

DukaLaMwiki:

Ulilala. Ukilinganisha na wiki nyingine niliuza pungufu ya kama paketi 30.

---

RafuNne:

Hizo 30 ziliuzwa Jumamosi. Unga wa paketi unakaa kabatini wiki kadhaa bila shida, kwa hiyo mteja wako alichukua mbili akanunua kabla ya wakati. Ulimuuzia kwa 120 paketi ambayo angeilipia 140 siku tatu baadaye. Ukiweka hilo, hasara ya ofa nzima inafika kama elfu moja. Si ya kufunga duka. Lakini ukiirudia kila Jumamosi kwa mwaka utakuwa umepoteza kama elfu hamsini kwa ajili ya foleni nzuri mlangoni.

---

KioskGithurai45:

Nawaambia ukweli wale 36 wa unga tu ni akina nani. Baadhi ni sisi. Nina kioski, na supamaketi ikiweka sukari au unga chini ya bei ya jumla mimi siendi kwa mtu wa jumla, naenda pale. Wakiweka mwisho paketi mbili naenda na mke wangu, na mdogo wangu, na tunapanga foleni kwa keshia tofauti. Jioni iko kwenye kioski changu kwa bei ya kawaida. Sioni ubaya, ni bei waliyoweka wenyewe.

---

DukaLaMwiki:

Kuna kijana alirudi mara tatu na kofia tofauti. Sasa nimeelewa.

---

Mteja_Zimmerman:

Niseme kama mnunuzi. Mwisho wa mwezi natumiwa picha za ofa kwenye kundi la WhatsApp la ploti yetu. Naenda kwa ajili ya unga na mafuta, nabeba orodha, na bado narudi na vitu ambavyo sikuandika. Siku moja nilienda na elfu moja ya unga na mafuta, nikatoka nimelipa elfu mbili na mia tatu. Mtoto alitaka mkate wa moto unaonukia pale mlangoni, nikaona beseni, nikakumbuka dawa ya meno.

Lakini duka la mtaani sifanyi hivyo. Kwa duka la mtaani naingia kununua kitu kimoja ninachohitaji sasa hivi, natoka. Hata ukinipa unga bure sitanunua beseni kwako, kwa sababu huna beseni.

---

RafuNne:

Dada umegusa kiini cha jambo lote. Chambo hufanya kazi pale ambapo mtu analazimika kupita mbele ya vitu vingi vyenye faida nzuri. Supamaketi ina maelfu ya bidhaa, ina mkate wake wa moto, ina kuku, ina nguo. Duka la rafu sita lina bidhaa chache, na nyingi zina faida ndogo kama za unga wenyewe. Na kama ni duka la dirisha lenye nondo, ambapo mteja anasimama nje na kuitisha, sahau kabisa, maana hakuna anachopita.

Kwa hiyo DukaLaMwiki, usishindane kwenye kikapu cha mwisho wa mwezi. Hicho wamekwisha kukichukua. Wewe una kitu wasicho nacho: mtu anapita mbele yako kila jioni akitoka stejini, amechoka, hataki kutembea duka zima. Chagua chambo cha jioni.

Mimi ningechagua mkate wa gramu 400. Unanunua kwa ngapi?

---

DukaLaMwiki:

60, nauza 65. Kwa siku mikate kama 80.

---

RafuNne:

Uza 60 kamili, kuanzia saa kumi na moja jioni tu. Huingii kwenye hasara ya paketi, unaacha tu shilingi tano zako. Mkate haulimbikizwi, maana siku ya nne unaota ukungu, kwa hiyo hutakuta Jumatatu imelala kwa sababu ya Jumamosi. Mwenye kioski hawezi kubeba ishirini akaziuze kesho, na wewe una kiasi kile kile gari la mkate lilichokuletea alfajiri, kwa hiyo hasara ina ukomo. Tena mkate unavuta vitu vyake: maziwa, mayai, siagi, majani. Uviweke kati ya mlango na mkate. Mkate uende ndani kabisa, mwisho wa rafu.

Hesabu: tuseme mikate 40 kati ya 80 inauzwa jioni. Kwa hiyo unaacha 40 mara 5, yaani 200 kwa siku. Kikapu cha jioni ni kidogo kuliko cha Jumamosi, tuseme shilingi 250 mbali na mkate. Mhasibu, tumalizie na kodi yako.

---

MhasibuMtaani:

Asilimia 12 ya 250 ni 30. Ondoa kodi 7.50 ya kikapu, ondoa 1.80 ya mkate wenyewe, inabaki kama shilingi 20 na senti kwa kila mgeni. Gharama ya 200 inahitaji wageni kumi kila jioni, walionunua mkate na kitu kingine. Wa mkate mtupu anakutoa hiyo 1.80.

Kumi naona ni namba inayofikika. Lakini wawe wageni kweli.

---

MsambazajiEastlands:

Nasambaza mikate na maziwa upande huo na sikubaliani na RafuNne. Ukishusha mkate hadi 60, kesho yake mwenye duka wa upande wa pili atashusha hadi 60, kesho kutwa wa tatu atashusha. Nimeyaona Dandora na Njiru. Baada ya mwezi bei ya mkate mtaani inakuwa 60 kwa kila mtu, wateja wamerudi kila mmoja kwa duka lake la zamani, na ile shilingi tano hakuna tena anayeipata. Supamaketi haiogopi hilo kwa sababu inashusha siku tano kisha inarudisha. Wewe ukiweka ya kila jioni umebadilisha bei ya mtaa.

Na unga wenyewe, kuna msagaji ambaye watu wake wa mauzo wakikuta unauza chini sana wanapigiwa simu na maduka mengine wakilalamika. Unaweza kukosa mzigo wakati wa uhaba.

---

RafuNne:

Hoja nzuri, na sina jibu kamili kwake. Ningepunguza makali kwa kuwa na siku mbili tu kwa wiki badala ya kila jioni, au kuuza mkate na maziwa pamoja kwa bei moja, ili jirani asiwe na namba ya kuiga kirahisi. Lakini ni kweli, mitaa yenye maduka yaliyobanana inaiga haraka.

---

HakiSokoni:

Swali langu ni la haki. Hii supamaketi kuuza chini ya gharama ili kuua maduka madogo si kosa kisheria? Tukaripoti wapi?

---

RafuNne:

Kuna nchi zimekataza duka kuuza bidhaa chini ya bei iliyonunulia. Ufaransa wana sheria hiyo tangu 1963. Kwetu Sheria ya Ushindani ya 2010 inamwangalia mwenye nguvu kubwa sokoni akitumia nguvu hiyo vibaya. Ofa ya siku tano ya unga ni vigumu sana kuiita hivyo.

Penye makali zaidi ni upande wa msambazaji, ile njia ya kwanza niliyoeleza. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ilitangaza faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa kampuni inayoendesha Carrefour hapa Kenya, baada ya malalamiko ya muuza asali na mtengenezaji wa mafuta ya kupikia kuhusu makato na marejesho waliyodai kulazimishwa kutoa. Kampuni ilipinga na kukata rufaa. Ninachotaka uone ni kwamba bei ya chini rafuni mara nyingi ina mtu anayeilipa, na mara nyingi si yule aliyeiandika kwenye karatasi ya ofa.

---

HakiSokoni:

Kwa hiyo tunaofurahia unga wa 119 tunalipiwa na mkulima?

---

MsambazajiEastlands:

Wakati mwingine na sisi. Unafidia ofa leo, hela yako unalipwa baada ya siku 60 au 90. Nakumatt ilipofungwa rasmi Januari 2020 kulikuwa na wasambazaji waliodai mamilioni kila mmoja kwa bidhaa zilizouzwa na kuliwa zamani. Mimi sasa supamaketi yoyote ikitaka ofa nauliza kwanza deni la zamani.

---

MamaChapatiRoysambu:

Nimesoma hesabu zenu zote. Nimekaa nikahesabu chai yangu vile vile. Kati ya vikombe vya asubuhi kuna vijana ambao kweli wanakunywa chai tu, wanakaa nusu saa kwenye benchi wakati wa msongamano. Nimeamua chai ya 10 ni kwa anayechukua kitu, chai tupu ni 15. Ndugu wa Mwiki, wewe je?

---

DukaLaMwiki:

Mama asante. Nimefanya hivi: unga nimerudisha 140 na nimeuhamisha nyuma. Mkate 60, Jumanne na Alhamisi kuanzia saa kumi na moja, mayai na maziwa yako njiani. Ni wiki ya tatu sasa.

Jumanne ya kwanza ilileta wageni sita walionunua na kitu kingine, ya pili kumi na mmoja, ya tatu tisa. Alhamisi hazifiki kumi bado. Ila risiti za Jumatano na Ijumaa, ambazo hazina ofa yoyote, zimepanda kidogo kuliko mwezi uliopita. Sijui kama ni mkate au ni shule kufunguliwa.

---

RafuNne:

Hilo la Jumatano na Ijumaa ndilo la kufuatilia kuliko Jumanne yenyewe. Mgeni akirudi siku isiyo na ofa na kulipa 65, ameanza kulipa gharama yake. Usiongeze siku ya tatu. Kaa na mbili hizo hizo hadi katikati ya muhula, shule zikiwa zimetulia, ndipo ulinganishe Jumatano na Jumatano.

---

MsambazajiEastlands:

Jirani ameshashusha?

---

DukaLaMwiki:

Jana ameandika 58.